Maji Yalifika Hapa

Maximilla Anyango alijifunza kutazama watu makaburini. Kabla hajaajiriwa na ofisi yoyote, alikuwa mpiga video wa matanga. Ukifiwa Kisumu au vijiji vya karibu, ukataka mtu wa kubeba kamera tangu mwili utoke mochari hadi shimo lifukiwe, ungeelekezwa soko la Kibuye, kwenye kibanda alichokodi katikati ya wauza mitumba. Hapo ungemkuta mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kofia pana ya jua na mdomo usio na breki.

Mwanzoni walimcheka. Mwanamke gani huyu anayefukuzana na majeneza? Lakini wateja walimrudia, ingawa yeye mwenyewe alisema si vizuri kumwombea mteja wa matanga arudi. Siri ya kazi yake ilikuwa moja. Hotuba za matanga zinafanana zote: kila marehemu alikuwa mtu wa watu, kila jirani alimpenda. Ugomvi wa familia hausemwi kwenye kipaza sauti, unaonekana. Nani amekaa hema la nyuma, mke yupi hakusogea karibu na jeneza, mkwe gani anatazama viatu vyake wakati wengine wanaimba. Maximilla aliyaona hayo yote, na alipokuwa akihariri alijua la kuacha na la kukata, ili watu wasije wakapigana mara ya pili mbele ya televisheni. Macho hayana pazia, ni kweli, lakini wengi wetu tunayo macho na bado hatuoni. Huyu mama aliona.

Jina lake likafika katika shirika dogo lililokuwa linawajengea watu wa nyanda za chini za Nyakach nyumba zenye misingi ya juu, kule ziwa linakoingia shambani bila kubisha hodi. Vijana wa kujitolea walipita boma kwa boma na simu, wakirekodi kila familia ikijibu maswali. Kazi ya Maximilla ilikuwa kutazama video hizo na kuandika muhtasari, ili wakubwa waamue ni nani ajengewe kabla ya mvua ya masika na ni nani asubiri. Mwenye kusubiri alijua maana yake. Angelala ndani ya maji msimu mwingine.

Video zikawa nyingi. Maximilla naye hakuwa mtu wa kukimbizwa. Aliweza kurudia dakika moja mpaka wenzake wakaikariri. Ndipo msimamizi wa mradi, Sydney Oluoch, kijana mpole aliyesomea Maseno, akaleta programu ya kompyuta. Ilisikiliza sauti na kuigeuza maandishi, kisha ikayasoma maandishi hayo na kutoa muhtasari. Kwa kuwa ilifahamu Kiswahili vizuri kuliko Dholuo, vijana waliambiwa wawaombe watu wajibu kwa Kiswahili. Asubuhi moja tu, kazi iliyolala wiki kadhaa ikawa imekwisha.

Usidhani Maximilla alinuna. Alifurahi, tena sana. Alisoma mihtasari kadhaa akakuta imeandikwa vizuri, haikuchoka na haikusahau majina ya watoto. "Hii kitu inaandika kunishinda," alimwambia Sydney, na hakuwa anamdanganya.

Akabakiziwa kazi nyepesi ya kuchagua picha moja nzuri kutoka kila video, iwekwe kwenye faili ya familia. Hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Mama Dorca.

Muhtasari wa Dorca ulikuwa mfupi: "Mjane anayeishi na mjukuu mmoja. Maji yalifika kiwango kidogo tu. Familia iko salama. Hataki kuhama. Anaweza kusubiri." Maximilla akafungua video kutafuta picha. Akaiona nyumba ya udongo na mabati, mama mwembamba mwenye leso kichwani, na sauti ya Calvince, kijana aliyeshika simu, ikiuliza maswali.

"Mama, wakati wa mafuriko, maji ilifika wapi?"

"Ilifika hapa tu."

Na mama akainuka kwenye kigoda, akasogea ukutani, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akanyoosha mkono wote juu ya kichwa chake mpaka karibu na mbao za paa. Halafu akaushusha haraka na kukaa, kama mtu aliyefukuza nzi.

Maximilla akasimamisha video. Akairudisha. Akaitazama tena. Faili hiyo ilikuwa tayari upande wa wanaosubiri, na mafundi walikuwa wanaanza kazi wiki iliyofuata.

Alimwendea Sydney na kompyuta mikononi, bila hata kuvaa viatu alivyokuwa amevivua chini ya meza.

"Bosi, huyu mama umemweka wapi?"

Sydney akaangalia. "Anangoja. Amesema mwenyewe, Mama Max. Soma hapa: 'Ilifika hapa tu.' Na hapa: 'Sisi tuko sawa.' Mimi nitaandika nini ingine?"

"Hapa ni wapi?"

"Si hapa... kwake."

"Sydney. Hapa ni wapi?"

Kijana akainamia skrini. Maandishi yalikuwa mbele yake, na kwenye maandishi, hapa haikuwa mahali popote. Hakuna aliyekosea kusikia. Kila neno liliandikwa sawasawa. Programu ilikutana na "hapa tu", haikuuona mkono wa mama, ikaziba pengo kwa lile lililoelekea kuwa kweli. Mtu akisema tu, kwa kawaida ni kidogo.

Lakini Sydney hakuwa mtu wa kushindana kwa ajili ya kushinda, na hilo Maximilla alilipenda kwake. "Ngoja," alisema. "Kuna ingine inaangalia hata picha. Tuipatie." Wakaipa video. Baada ya muda mfupi ikaleta maelezo: mwanamke amekaa kwenye kigoda, nyumba ya udongo, mwanamke amesimama karibu na ukuta, mwanamke amekaa. Mkono haukutajwa.

"Imeona na haijaona," Maximilla alisema.

Sydney akasoma maelekezo ya programu hiyo. Programu ile haikutazama video nzima kama mtu anavyotazama. Ilichukua picha moja kila baada ya sekunde chache, kisha ikaeleza zile ilizochukua. Mkono wa Dorca ulipanda na kushuka katikati ya picha mbili. Palepale kijana akavuta kiti. "Sawa, Mama Max. Nionyeshe wewe."

Wakatazama pamoja, mwanzo hadi mwisho. Mkono ulipoinuka, Sydney alishika shavu. Alikuwa tayari kubadilisha faili, lakini Maximilla akamzuia. Kulikuwa na jambo lingine, na bila hilo wangembadilishia mama faili na bado angekataa nyumba.

"Sikia hapa, lakini usisikie. Angalia macho."

Kwenye video, Calvince aliuliza kama mama angependa kusaidiwa kupata makazi bora. Dorca akajibu, "Sisi tuko sawa. Mimi sitaki kuhama." Na alipokuwa akisema hayo, macho yake yakaenda mlangoni, yakarudi, yakaenda tena. Calvince, kwa adabu tu, aligeuza simu kidogo kufuata macho ya mama, kisha akairudisha. Katika mgeuko huo, nje ya mlango, lilionekana kaburi la saruji lenye msalaba, limefunikwa na tope hadi nusu.

Maximilla hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa amesimama kando ya makaburi mengi mno. "Huyo ni mzee wake. Huyu mama anafikiri tunataka kumtoa hapo, tumpeleke mahali ingine. Mjane ataacha bwana yake alale kwa maji peke yake? Ndio maana ako sawa."

"Lakini sisi hatuhamishi mtu," Sydney alisema. "Tunajenga palepale."

"Nani alimwambia?"

Hakukuwa na mtu. Swali la Calvince lilisema makazi bora, na kwa mwenye kaburi mlangoni, makazi bora ni mahali pengine. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wakati mwingine mtu huficha uchi wake ili asinyang'anywe kile kidogo kilichobaki.

Asubuhi iliyofuata wakashika barabara ya Kisii, wakakata kona Katito kuelekea ziwani, mpaka gari likakataa tope na wakamalizia kwa miguu. Dorca aliwapokea kama wageni wanavyopokewa: akafuta kigoda kwa leso yake, akamtuma mjukuu kwa jirani kuazima kiti kingine, akaanza kuhangaikia chai. Alipoulizwa habari alisema nzuri. Alipoulizwa shida alicheka.

"Sisi tuko sawa, nyathina, mtoto wangu."

Maximilla hakumbishia. Alitoka nje kwanza, akaenda kwenye kaburi, akasimama mbele yake na kofia mkononi kwa muda unaostahili. Akang'oa magugu mawili matatu. Aliporudi, Dorca alikuwa amesimama mlangoni na sufuria tupu, akimtazama.

"Mama," Maximilla alisema, "hii shirika haihamishi mtu. Nyumba itakuja hapa, kwa boma yako. Tutainua msingi, na mlango utaangalia mahali inaangalia sasa. Mzee utamwona kila asubuhi."

Dorca akamgeukia Sydney, kama kuuliza ikiwa mkubwa anakubali. Sydney akainuka kwenye kigoda ili amjibu mama akiwa amesimama. "Ni ukweli, Mama. Mafundi wanakuja Jumatatu. Ukikubali tu."

Mama akaweka sufuria chini. Hakulia wala hakushukuru, si wakati ule. Alikwenda ukutani, palepale pa kwenye video, akanyoosha mkono juu mpaka vidole vikafika kwenye ubao wa paa. Safari hii hakuushusha. Vidole vikajikunja, vikaushika ubao, na Maximilla akaona kwamba hata yeye, kwa kurudia kwake kote, alikuwa amekosa kitu. Alidhani mama alikuwa anapima maji.

"Nilishika hapa," Dorca alisema. "Mtoto alikuwa kwa mabega. Maji ilikuwa hapa kwa kidevu, na mimi nimeshika hapa, usiku yote, mpaka watu wakakuja na boti. Nilikuwa namwambia mtoto, imba. Akinyamaza namwambia, imba tena."

Mjukuu akatokea mlangoni na kiti cha jirani kichwani, akawakuta watu wazima wamesimama na bibi yake ameshika paa. Maximilla akampokea kile kiti, akakiweka chini ya ukuta, akamshika Dorca kiunoni.

"Achilia sasa, Mama," alisema. "Keti."