Mlango wa Raia Uko Nyuma

Mtaani walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya ushonaji peke yake. Alikuwa fundi wa sare za shule, hilo kweli, lakini jina lilimganda kwa sababu ya ulimi. Mteja aliyekuja kudai suruali kabla ya siku yake aliondoka amechomwa, na mwezi uliofuata alirudi na kitambaa kingine, maana kazi ya mama yule haikuwa na mshono uliopinda. Baba yake, kinyozi mstaafu aliyehamia kwake baada ya kufiwa na mke, walimwita Mzee Wembe. Majirani walitania kwamba nyumba ile ukiingia bila tahadhari unatoka na plasta.

Ila wembe ulikuwa umeanza kupoteza makali. Mzee alianza kwa kusahau majina, akasahau kama amekula, kisha ikawa asubuhi nyingine anavaa vizuri, anachana nywele zake mbili tatu zilizobaki, na kutoka kwenda kufungua saluni aliyoiuza zamani. Bi Sindano akamtarizia namba yake ya simu ndani ya kola ya kila shati, kwa uzi mwekundu, na akawaomba majirani wawe macho. Kitu kimoja tu alikuwa amemwapia baba yake, siku walipotoka kumtazama rafiki yake kwenye makao ya wazee ng'ambo ya mji. Mzee alimshika mkono pale nje, akamwambia: "Mimi usinilete huku." Bi Sindano akaapa. Tangu hapo kiapo kile kilikuwa kimemkaa kifuani.

Siku hiyo alikuwa na rundo la sketi za kupindwa. Alipoinua kichwa, kiti cha mzee barazani kilikuwa kitupu. Alizunguka mtaa mzima, akauliza dukani, akauliza kisimani, na aliporudi kuchukua mtandio aende mbali zaidi, simu ikalia. Mwanamke mwenye sauti ya kazi alijitambulisha kuwa ni askari, akasema mzee mwenye namba kwenye kola yupo kituoni, mzima, ila hajui anakokaa. Ndugu waje wamchukue. Gari la ustawi wa jamii lingepita saa kumi, na wasipoonekana, angekabidhiwa huko alale kwenye makao ya wazee.

"Nakuja sasa hivi," akasema Bi Sindano, akakata simu.

Hapo ndipo alipoharibu. Hakuuliza kituo gani. Mtu wa kukagua kila kifungo, wa kumrudisha mteja kwa sababu ya nusu inchi, hakuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kwa akili yake hakukuwa na cha kuuliza: kituo chao ni kile cha jirani, baada ya shule, kila mtu anakijua. Alipanda bodaboda akamwambia dereva akanyage.

Kituo cha jirani hakikuwa na mzee. Askari wa kaunta alifungua kitabu cha matukio, akashusha kidole polepole kana kwamba anatafuta nzige kwenye majani, akatikisa kichwa. Bi Sindano alimwambia baba yake anakaa mtaa huu huu, sasa angepelekwa wapi tena? Yule askari, kwa utulivu uliomchemsha mama damu, alimweleza kwamba anakokaa si hoja. Aliyepotea akiokotwa hupelekwa kituo cha eneo alikookotwa. Ameokotwa wapi?

Bi Sindano hakujua. Alipiga ile namba iliyompigia, ikaita hadi ikachoka. Ni simu ya mezani, askari alisema, huenda mwenyewe yuko kaunta anahudumia watu. Basi mama akafikiri. Baba yake akitoka huenda mahali pamoja tu, kwenye saluni yake ya zamani, kule nyumba za reli. Kusikia hivyo askari akafunga kitabu. Nyumba za reli ni kituo cha sokoni, alisema, wala hakuwa na shaka. Alijaribu kupiga huko mara mbili, laini ikawa inatumika, na nyuma ya Bi Sindano foleni ilikuwa imeshaanza kuguna.

Kwa hiyo sokoni. Jua lilikuwa limeshapita utosini na kuanza kuinama. Njiani alikuwa akimsema dereva wa bodaboda kwa kosa la kusimama kwenye taa nyekundu, na dereva, mtu mzima mwenye busara zake, aliacha aseme.

Kituo cha sokoni nacho hakikuwa na mzee. Safari hii Bi Sindano aliweka viwiko vyote viwili juu ya kaunta, akamwambia koplo aliyekuwepo kwamba hatapigwa danadana kama mpira wa makaratasi. Yeye amezaliwa nyumba za reli, amekulia nyumba za reli, na tangu ana akili kituo cha nyumba za reli ni hiki hapa.

"Kilikuwa," akasema koplo. "Sasa eneo limegawanywa, mama. Tangu kifunguliwe kituo kipya, sisi tunaishia kwenye mtaro. Ng'ambo ya mtaro ni wao. Saluni ya mzee ilikuwa upande gani?"

"Wa mtaro gani? Pale pote ni nyumba za reli."

"Kwenu nyinyi pote ni nyumba za reli. Kwetu ni vituo viwili. Ndiyo maana ukiuliza kwa jina la mtaa kila mtu anakujibu lake. Nipe alama. Jengo, kanisa, msikiti, chochote."

Bi Sindano alifumba macho, akajirudisha utotoni akiwa amembebea baba yake chakula cha mchana. Alitoka nyumbani, akavuka kidaraja cha mbao, akapita chini ya tangi la maji. Kidaraja. Kumbe alikuwa akiuvuka mtaro kila siku ya Mungu, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ule ni mpaka wa kitu.

Safari hii hakukimbia. Alikuwa ameshachomwa mara mbili. Alimwambia koplo kwamba haondoki pale mpaka apate uhakika, si maoni. Koplo alipumua kwa nguvu, akainua redio, akauliza chumba cha mawasiliano saluni ya zamani karibu na tangi la maji, nyumba za reli, iko chini ya nani, na kama kuna mzee aliyeokotwa. Kisha sauti ikakwaruza: kituo kipya, na ndiyo, mzee yupo, aliletwa na muuza simu aliyemkuta akitaka kumfungulia duka lake, lililokuwa saluni. Bi Sindano aliomba waambiwe anakuja. Sauti ilisema ujumbe utafika. Koplo akamwelekeza: barabara kuu, ukuta mrefu wa buluu, hata kipofu hakiwezi kumpotea.

Kweli, ukuta haukumpotea. Kilichompotea ni mlango.

Bodaboda ilimshusha mbele ya geti la chuma lenye nembo ya polisi, na ramani ya simu ya dereva nayo iliapa kwamba wamefika. Bi Sindano aligonga. Kidirisha kikafunguka, jicho la mlinzi likamtazama, likamwambia hapa hapapiti raia. Hili ni geti la magari na mahabusu. Mama akaeleza habari ya baba yake, saa kumi, gari la ustawi. Mlinzi akasema anamwelewa kabisa, lakini hapa hapapiti raia.

"Sasa raia wanapita wapi?"

"Mlango wa raia uko nyuma, barabara ya duka la dawa."

"Na kwa nini hamkuandika?"

"Imeandikwa."

"Wapi?"

"Kule kule mlangoni."

Sijui kama kuna mtu amewahi kuujibu upuuzi wa namna hiyo bila tusi. Bi Sindano alijaribu akashindwa. Alisema maneno ambayo fundi wa sare za shule hatakiwi kuyasema, akamalizia kwa kuuliza mtu aliyevamiwa, anayevuja damu, naye huambiwa azunguke akasome kibao nyuma? Mlinzi hakukasirika. Alisema hata yeye alishalalamika, kila siku wanamgongea. Akafunga kidirisha.

Barabara ile ilikuwa ya kuelekea upande mmoja, na bodaboda ingelazimika kwenda hadi mzunguko wa mbali ndipo irudi. Bi Sindano akaamua kwenda kwa miguu. Ukuta ulikuwa mrefu kama hotuba. Alikuwa hajafika kona alipopishana na gari jeupe la ustawi wa jamii likienda taratibu upande wa getini. Aligeuka, akaona geti alilonyimwa yeye likifunguliwa lote, gari likaingia.

Akavua viatu akakimbia. Mwanamke wa umri wake, mtandio mkononi, pini za kushonea bado zimechomekwa kifuani mwa gauni. Alikimbia akimlaani koplo na kipofu wake, na aliyejenga kituo akaipa barabara kuu kisogo, na zaidi ya wote akijilaani mwenyewe kwa lile "nakuja sasa hivi". Alilipita duka la dawa bila kuona mlango, akarudi. Mlango ulikuwepo, mwembamba, wa kioo, na kibao kilikuwa juu yake kama alivyoambiwa, kimefunikwa na mwavuli wa muuza vocha.

Ndani kulikuwa na baridi ya feni. Afisa wa ustawi alikuwa ameshainama kwenye kaunta, kalamu mkononi. Mzee Wembe alikuwa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni.

"Huyo ni wangu," akasema Bi Sindano, na pumzi zikamwisha.

Askari wa kike, mwenye ile sauti ya kwenye simu, alimpa maji kwanza. Kisha akaomba vitambulisho. Cha mzee, Bi Sindano alikuwa nacho pochini, majina yakalingana, na namba ya kwenye kola ilipopigwa simu ikalia mkononi mwake. Afisa wa ustawi akaweka kalamu chini. Likabaki jambo moja, askari alisema, kwa sababu wazee wengine hukimbia wanakoteswa: lazima mzee mwenyewe akubali kuondoka naye.

Askari alichutama mbele ya benchi. "Mzee, umesema tangu asubuhi kwamba kuna mtu atakuja kukuchukua. Ndiye huyu?"

Mzee Wembe aliinua macho. Alimtazama binti yake, zile pini kifuani, viatu mkononi, jasho, na uso wake wote ukafunguka. Bi Sindano alikuwa hajauona uso ule kwa muda mrefu.

"Ndiye," akasema. "Niliwaambia mama atakuja. Huwa anachelewa, lakini huja." Akasimama kwa heshima, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Askari alimgeukia Bi Sindano. Siku nzima mama yule alikuwa na jibu kwa kila mtu, kwa kaunta mbili, redio na geti la chuma. Sasa watu wote chumbani walikuwa wakimsubiri.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akampa mkono.