Mwezi Uliokuwepo

Kila alipotaka kuangalia kitu kwa makini, baba mdogo wa mwalimu alivua miwani kwanza. Alikuwa fundi miwani, na wateja walimtania kwamba haiamini kazi ya mikono yake. Alijibu kwamba mpishi naye hushiba kwa jirani.

Yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa mwezi wa msikiti wao. Jioni ya tarehe ishirini na tisa ya Shaabani hupanda juu ya paa la msikiti na wenzake wawili. Akisema ameuona, imamu hutangaza mfungo. Lakini mwaka huo alikuwa ametoka kupasuliwa jicho, na mtaani maneno yalishaanza: mzee haoni hata sahani yake, ataona mwezi? Walisema safari hii asipouona, apumzishwe.

Binti wa kaka yake, mwalimu wa hesabu, aliyasikia yote na yakamchoma. Yeye na wenzake wa kazini walifuata kalenda ya hesabu: mwezi ukizaliwa kabla ya magharibi na ukazama baada ya jua, kesho yake wanafunga. Na hesabu ya siku hiyo ilikuwa wazi. Mwezi ulizaliwa mchana, na ungezama dakika chache tu nyuma ya jua. Alijua pia kwamba mwezi mchanga kiasi hicho, ulio karibu hivyo na jua, humezwa na wekundu wa machweo, hata uwe na macho ya mwewe.

Hata hivyo alimfuata mzee kwenye ngazi, akamwonyesha kwa kidole mahali penyewe: kushoto kidogo ya mnara wa simu.

"Upo pale, baba. Sema umeuona, wakome."

Mzee alipatazama mahali pale mpaka anga likafifia, kisha akashuka.

"Hesabu yako naiamini, mwanangu. Upo. Ila mimi sikuulizwa kama upo."

Imamu akatangaza kukamilisha Shaabani siku thelathini. Waliotaka kucheka walicheka.

Kesho yake nyumba moja ikawa na siku mbili. Mwalimu alifunga, mzee alikula mchana chumbani kwake, mlango kaurudishia asimtamanishe. Jioni mwezi ulikuwa mnene, umepanda juu, kila mtu anauona, na wapo waliosema umri wake unamuumbua mzee.

Usiku huo mzee alilala mapema ili aamke kula daku. Walipokwenda kumwamsha, alikuwa ameshaondoka duniani, Ramadhani yake haijaanza.

Lakini magharibi ile, kabla hajalala, mzee alikuwa amemletea mwalimu maji mwenyewe, akasimama kumngoja ameze.

"Kunywa, mama," alimwambia. "Mfungo wangu ni kesho, lakini kiu yako ya leo ni ya kweli."