Jina Walilogawana Baba na Kaka

Nyumbani kwetu Namuwongo, ukisikia mtoto anaitwa kwa jina la baba yake, ujue baba alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Sisi ni Wayahudi tuliotoka upande wa Mbale, na babu alifundishwa na Myahudi mmoja wa Ulaya: mtoto hupewa jina la marehemu wa ukoo, kamwe si la aliye hai, malaika wa mauti asije akakosea mtu. Wako Wayahudi wa nchi za Waarabu wanaompa mjukuu jina la babu aliye hai, na babu akafurahi. Kwetu angezimia. Nilikuwa na binamu watatu wa jina moja, la babu mkuu, lakini baba na mwana, hapana.

Wanajeshi walimchukua baba wakati mama akiwa mjamzito. Mtu aliyetoka kizuizini akatuapia ameiona maiti yake. Mama alijifungua mtoto wa kiume, na siku ya nane akatahiriwa milango ikiwa imefungwa, maana serikali ilikuwa imepiga marufuku dini yetu. Hapo ndipo jina hutajwa.

"Mama, nikimpa jina la baba yake nitakuwa nimemzika mume wangu," mama alimwambia bibi.

"Mwanangu amelala wapi sijui," bibi akajibu. "Angalau jina lake lipate pa kukaa."

Likatajwa.

Kisha jioni moja ya mvua baba akaingia kwa mlango wa nyuma, amekonda, hasemi. Bibi alimpapasa uso, akalia, lakini jina lake hakulitamka. Tulimficha chumba cha ndani. Mama akimwita mtoto kwa jina, nasikia kitanda kule ndani kinalia, mtu anataka kuinuka, halafu anajilaza tena. Nilimwogopa baba kuliko nilivyowaogopa wanajeshi, nasema kweli.

Nao wakarudi. Afande alisimama mlangoni, akalitaja jina.

"Huyo hapa," mama akamwinua mtoto.

"Wewe mama, unacheza na mimi? Bwana yako iko wapi?"

Jirani yetu, mzee wa Kiislamu mwenye duka, alikuja mbio. "Afande, mtoto ameitwa jina la baba yake. Watu hawa hawampi mtoto jina la mtu aliye hai, hata uwatishe. Uliza mtaa mzima. Huyo bwana alishakufa."

Afande alimtazama mtoto, akaenda zake.

Baba alisikia yote. Tangu siku ile alikataa kuitwa kwa jina lake, hata utawala ule ulipoanguka. Alisema jina ni la mtoto, tusimchanganye malaika. Mama alimwita "wewe", hadi baba alipofariki.

Mwaka uliofuata nilijifungua mwanangu wa kiume. Siku ya nane waliniuliza jina, nami nilitaka la baba, nililitaka hata nikalia. Lakini kaka yangu, mwenye jina hilo, alikuwa amesimama pale pale, mzima wa afya, amembeba mwanangu.

Nikataja jina la marehemu kaka yake mama.