Laki Tatu kwa Kiwanja cha Shangazi

Hapana, bei ile sikuiokota njiani kama anavyodai shangazi. Niliipigia hesabu. Nilikaa barazani kwa mwenyekiti wa mtaa asubuhi nzima, nikaomba daftari anamoandika mauziano ya viwanja, nikanakili matatu ya mwaka huu. Wanaookota bei ni wale ambao hawajasoma. Mimi nina cheti cha kidato cha nne, na siku ile nilitembea nacho kichwani kama taji.

Shangazi anauza kiwanja chake, hatua ishirini kwa ishirini, kule ndani ukiacha barabara ya Ujiji. Anataka bati mpya kabla mvua hazijakolea, maana za sasa zimetoboka mpaka tunalala na sufuria kitandani. Mnunuzi tuliyempata ni mmoja, nesi aliyehamishiwa hapa kutoka Iringa.

Viwanja vitatu vya daftarini vilikuwa na ukubwa ule ule. Cha kwanza, laki nne. Cha pili, laki tatu na sitini. Cha tatu, laki moja na arobaini. Nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikapata laki tatu kamili, haikubaki hata shilingi. Hesabu isiyobakiza niliiona kama imebarikiwa. Nikampelekea shangazi, naye akamtajia nesi.

Nesi alikuja Jumamosi. Nilimwongoza mimi.

"Bomba liko wapi, mdogo wangu?"

"Dakika tano, dada. Unaliona lile pale."

Kweli lilionekana. Lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mvua mbili zilikuwa zimeshapita, chini maji mekundu yanakimbia. Tukazunguka mpaka kwenye daraja la magogo, yeye viatu mkononi, mimi naeleza habari za upepo mzuri wa ziwa. Kufika bombani alitazama saa yake.

"Dakika ishirini na mbili, na sijabeba ndoo. Na tofali zangu zitafikaje? Gari linaishia wapi?"

Nikasema linaishia barabarani, halafu kuna njia ya baiskeli.

"Basi huyo wa baiskeli ndiye mumuuzie laki tatu," akasema, bila hasira. Ameonyeshwa kiwanja kingine upande wa Katonga, Jumatatu jioni ataenda kukilipia.

Shangazi hakunigombeza. Alimenya mihogo. Mwishowe akasema, "Wewe ulisoma daftari. Kiwanja ulikisoma lini?" Ndipo nikamwambia kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Akanijibu, "Sahihi, na bati ziko dukani."

Leo Jumapili nimerudi kwa mwenyekiti kumlaumu kwa daftari lake. Mzee huyu hacheki ovyo. Leo alicheka mpaka akavua kofia.

"Cha laki nne kiko barabarani kabisa, mama," akasema. "Aliyekinunua anapangisha maegesho ya malori ya chakula cha wakimbizi. Wewe lori litafika kwa shangazi yako?"

"Halifiki. Shikamoo," nikasema, kwa sababu kwa hasira nilikuwa sijamwamkia.

"Marahaba. Cha laki moja na arobaini ni mjomba kamuuzia mpwa wake. Ile ni nusu bei, nusu zawadi. Usikihesabu."

"Na cha laki tatu na sitini? Kile kiko ndani kama chetu."

"Kina michikichi kumi na sita inayozaa. Hapa kwetu mchikichi una bei yake, mbali na ardhi. Walikubaliana elfu kumi kila mti. Nimeandika nyuma ya karatasi. Hukugeuza?"

Sikugeuza. Mtoto wa Kigoma, niliyekua nikila wali kwa mawese, nimeuza mashina kumi na sita ya michikichi juu ya kiwanja kisichoota hata mpapai.

Tukatoa miti, ikabaki laki mbili ya ardhi tupu. Lakini kile hakina korongo, na bomba lake ni karibu kweli. Mwenyekiti akasema wanunuzi hukata elfu ishirini, thelathini, kwa kiwanja ambacho gari halifiki na maji ni ya kuzungukia. Tukakubaliana laki moja na sabini na tano, akaniangalia nikigeuza karatasi pande zote mbili kabla sijaondoka.

Shangazi amepiga hesabu yake ya bati. Inaezeka vyumba viwili, baraza itasubiri. Akasema vyumba ndivyo vinavyolaliwa.

Kwa hiyo kesho nitaamka mapema, nimfuate nesi getini hospitali kabla hajaingia zamu. Nitaanza na shikamoo. Halafu nitamwambia dakika ishirini na mbili, korongo, njia ya baiskeli, na bei mwisho kabisa. Habari za upepo wa ziwa sitazitaja.