Usinifute Macho

Kuna watu hawafai kupewa kitu cha kuvuta. Wape kamba, wataivuta mpaka ikatike. Wape ule mshale mdogo wa kuongeza mwanga kwenye picha, watausukuma mpaka mwisho wa mstari, halafu watajisifu. Bosi wa Jicho ni wa ukoo huo.

Jicho ni jina analoitwa msichana mmoja pale studio. Jina lake halisi hutumiwa nyumbani tu, mtu akiwa amekasirika. Kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta na kusafisha nyuso za watu: maharusi waliolia, wahitimu waliokesha, wazee wa pasipoti. Anachojua kuliko kitu kingine ni macho, na ana msemo wake anaourudia mpaka unachosha: "Mpunguzie mtu uchovu, usimpunguzie utu."

Siku hiyo mteja alikuwa shangazi yake. Huyu ndiye aliyemlea Jicho tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Ana duka la mikate, na huamka kukanda unga wakati majirani bado wanakoroma. Moto wa tanuri na vumbi la unga vimemwachia macho mekundu, na chini yake kuna vivuli viwili kama vya mtu aliyepigwa ngumi kwa adabu. Sasa alitaka bango la duka, lenye uso wake.

"Nipunguzie kidogo," alisema akijiangalia kwenye kioo. "Wasidhani mwokaji ni mgonjwa. Ila usinifute."

"Shangazi, mimi huyu nikufute?"

"Nasema tu. Nyie vijana mkishika simu hata mbuzi anatoka na kope ndefu."

Jicho akafanya kazi kama anavyofanyia mtu anayempenda. Alianza na weupe wa macho. Akapunguza wekundu wa vile vimishipa, vichache akaviacha, maana jicho lisilo na mshipa hata mmoja ni gololi. Weupe akaung'arisha kiasi, lakini hakugusa kivuli cha kope ya juu, kwa sababu jicho ni mviringo kama mpira, na ukikifuta kivuli hicho linakuwa sahani. Kwenye mboni akaongeza mwanga kidogo tu, ile nukta inayong'aa akaiacha ilipo. Kisha akafungua leya mpya, yaani kama karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha. Akachota rangi ya ngozi shavuni, akapaka juu ya vivuli, halafu akaipunguza nguvu ile leya mpaka chini ya nusu, ngozi ya chini ikachungulia na mikunjo yake yote. Mwisho akairudisha picha kwenye ukubwa wa kawaida, akawa anaizima na kuiwasha leya, kabla, baada, kabla, baada.

Shangazi akaangalia. "Huyu ni mimi nikiwa nimelala vizuri," akasema, akaenda zake anacheka.

Jicho akatoka kwenda kula.

Bosi akapita. Akaona faili iko wazi, akaona leya ya macho imesimama chini ya nusu, akadhani msichana kaacha kazi njiani. Akaivuta mpaka mwisho. Weupe wa macho nao akauvuta. Mikunjo akailainisha. Alipoona inapendeza, akabonyeza kuunganisha leya zote kuwa moja, akahifadhi juu ya faili ileile, akaituma kwa mchapaji. Hakuuliza mtu. Watu wa kuvuta hawaulizi.

Jicho aliporudi aliambiwa picha imeshatumwa, akajua ni ile aliyoiacha, na siku mbili baadaye bango likapandishwa dukani. Mteja wa kwanza kuingia dukani akamwambia shangazi, "Mama, naomba mkate. Huyo binti yako wa kwenye bango ni mzuri, ameolewa?"

"Ni mimi."

Mteja akacheka kwa nia njema. Nia njema ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu huwezi hata kumtukana mtu. Wa pili akauliza kama duka limeuzwa. Wa tatu akasema mwenye mikate mizuri alikuwa yule mama mwenye macho ya usingizi, yuko wapi siku hizi? Aliuliza akiwa amesimama mbele yake.

Jioni Jicho alipofika, alikuta bango limefunikwa gunia la unga.

"Kaa," shangazi akasema. Hakupandisha sauti. "Niambie ukweli, mwanangu. Unanionea aibu?"

"Shangazi?"

"Haya macho ndiyo yaliyokulea. Nikukande wewe, nikande na unga. Ulinionyesha picha moja, ukatuma nyingine. Kama ulitaka niwe mtu mwingine ungeniambia."

Jicho akaliondoa gunia. Akamkuta mwanamke wa plastiki, macho kama taa za gari, chini yake ngozi laini kama ganda la yai. Aliapa si yeye. Shangazi akaitikia kwa kichwa, kile kichwa cha "nimesikia", si cha "nimeamini".

Asubuhi yake studio iliwaka moto bila kiberiti.

"Bosi, nani aligusa macho ya shangazi yangu?"

"Niliyamalizia. Uliacha nusu."

"Nusu ndiyo mwisho wake!"

"Jicho, mteja hajui anachotaka mpaka umwonyeshe."

"Huyu alijua. Alisema kwa mdomo wake."

"Nimempunguzia miaka bure, badala ya kushukuru mnaleta kesi."

Kwa hasira Jicho akampiga bosi picha palepale, macho yake mekundu ya kukodolea skrini, akavuta kila kitu mpaka mwisho, akamgeuzia kompyuta aone uchungu wake. Bosi akaitazama kwa muda. Akaomba atumiwe. Hadi leo ndiyo picha yake ya wasifu. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje?

Aliyemweza ni shangazi. Aliingia studio akiwa ameyasikia mabishano yote toka mlangoni, bango kalikunja kwapani, akalikunjua mbele ya benchi la wateja wanaosubiri, akasimama pembeni yake. Akauliza kwa upole, "Jamani, mimi na huyu tunajuana?"

 Bibi mmoja akasema, "Huyo simjui. Wewe nanunua mkate kwako." Kijana aliyekuja kwa picha ya kitambulisho akamgeukia bosi: "Mzee, mimi macho yangu usiyaguse, nitakataliwa mlangoni." Bibi harusi mtarajiwa akasema naye anataka mumewe amtambue. Bosi akatazama benchi, akatazama bango, akasema litachapishwa upya kwa gharama ya studio. Akaongeza kwamba ladha za watu zinatofautiana, ili asiondoke mikono mitupu.

Faili nzuri ilikuwa imeshaharibiwa, leya zimeshaungana, hazitenganishiki. Lakini picha ya mwanzo ilikuwa bado kwenye kadi ya kamera. Jicho akavuta kiti cha pili.

"Kaa hapa, shangazi. Safari hii tunafanya wote."

Akaanza upya, wekundu, weupe, mboni. Alipofika kwenye vivuli, akamwekea shangazi mkono juu ya kipanya. Shangazi akasogeza nguvu ya leya juu, akajiona anayeyuka, akashtuka, akairudisha chini. Akaipandisha kidogo. Akaishusha.

"Rudisha weusi wa kushoto," akasema. "Huo ni wa mwaka ule wewe ulipougua surua. Hapo. Acha."

Jicho akaizima leya, akaiwasha. Alikuwa yuleyule mtu, wa pili kalala vizuri.

"Kumbe mshale wenyewe ni mwepesi hivi," shangazi akasema. "Mimi nilifikiri hii ni kazi ya fundi tu, ndiyo maana nikadhani ni wewe. Sikujua mtu anaweza kumfuta mwenzake kwa kidole kimoja."

"Ningekuwa mimi ningekuambia."

"Najua. Sasa najua." Akamfuta Jicho begani, pale mkono wake ulipoacha unga. "Na wewe nenda ukalale. Una macho mekundu kama yangu."