Bili ya Maji kwenye Mguu wa Suruali

Mtaani kote fundi yule wa cherehani aliitwa Bi Kesho, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Ukimpelekea gauni alikupima vizuri, akakusifia mabega, kisha akakwambia uje kesho. Hakuwa mwongo. Kesho yake ilikuwepo, ila haikuwa na tarehe. Mumewe mwenyewe alikuwa anasubiri koti mwaka wa nne sasa, na kitambaa chake cha buluu iliyokoza kilikaa juu ya kabati, kimekunjwa, kinazeeka pamoja naye.

Basi Jumatatu moja ikaja bili ya maji: elfu mbili mia nne na sitini. Chini yake, kwa wino mwekundu, iliandikwa kwamba isipolipwa hadi Ijumaa maji yanakatwa. Nyumba ile ilizoea kulipa mia nne na themanini. Kwenye kopo la vifungo Bi Kesho alikuwa na akiba ya elfu moja na mia tano, na nyingine haikuwepo wala haikuwa njiani.

Kwa miezi miwili kabla ya hapo bili haikuja kabisa. Hakuuliza. Mtu akisahauliwa na anayemdai, haendi kumpigia hodi.

Mumewe aliipokea bili ile kama tangazo la vita. Aliweka kiti kando ya bomba, akakaa na kikombe mkononi, akamgawia kila mtu maji ya kuogea: vikombe kumi na vinne, basi. Mama yake mzazi, ambaye tangu usichana wake huoga mara tatu kwa siku, alikataa kuhesabiwa vikombe na mtu ambaye yeye ndiye aliyemwogesha. Akasema kama kuna mwizi wa maji ni yule mwanamume aliyekuja wiki iliyopita kusoma mita huku mkono mmoja ameshikilia kiuno cha suruali. Mtu mwenye heshima zake hatembei hivyo. Kufikia Jumanne jioni mume alikuwa ameandika ukutani majina ya wote na vikombe vyao. Jumatano asubuhi hata paka alikuwa kwenye orodha.

Bi Kesho aliwaacha na vita vyao. Alifunga mabomba yote, akachuchumaa mbele ya mita kwa muda wa kushona pindo moja. Kile kigurudumu kidogo kinachozunguka maji yakipita kilitulia tuli, kwa hiyo hakuna palipovuja. Mita ilisoma 0438. Bili ilisema kwamba wiki moja nyuma ilisoma 0436. Uniti mbili kwa wiki, ndiyo matumizi yao ya siku zote. Msomaji wa mita, kiuno au si kiuno, aliandika alichokiona.

Akarudi kwenye meza yake ya kukatia. Bi Kesho hakuwa mtu wa karatasi. Hesabu zake alizifanya kwa chaki juu ya kitambaa chochote kilicholala mezani, upande wa ndani, na akimaliza kazi anakung'uta. Siku hiyo ilikuwa imelala suruali ya buluu iliyokoza, imechanika makalioni, aliyoletewa na mwanamke mmoja ndani ya mfuko, lini hasa hata yeye hakumbuki. Akaigeuza ndani nje, akaanza na mguu wa kushoto.

Mita ilikuwa 0412, sasa 0436. Uniti ishirini na nne. Bei zilikuwa nyuma ya bili. Uniti sita za kwanza za mwezi, hamsini kila moja. Ya saba hadi ya kumi na tano, tisini. Kuanzia ya kumi na sita, mia na hamsini. Sita kwa hamsini, mia tatu. Tisa kwa tisini, mia nane na kumi. Zilizobaki tisa kwa mia na hamsini, elfu moja mia tatu na hamsini. Akajumlisha: elfu mbili mia nne na sitini, haikupungua hata moja. Hesabu yao ilikuwa sawa kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Akaiangalia tena bili, jinsi unavyoangalia gauni ambalo vipimo vyote ni sahihi na bado halivaliki. Ndipo akaona tarehe. Usomaji uliopita, tarehe tatu mwezi wa pili. Usomaji wa sasa, tarehe tatu mwezi wa tano.

Akahamia mguu wa kulia. Ishirini na nne kwa miezi mitatu, nane kila mwezi. Sita kwa hamsini, mia tatu. Mbili kwa tisini, mia na themanini. Mia nne na themanini, mara tatu: elfu moja mia nne na arobaini. Wamemzidishia elfu moja na ishirini, na kopo la vifungo lingetosha na chenji ikabaki.

Alhamisi akaenda ofisi ya maji. Ukiikunja suruali chaki inafutika, kwa hiyo aliitundika kwenye hanga na kuipeleka hivyo hivyo, mkono juu, njia nzima. Mlinzi wa getini akamwambia biashara ndogondogo ni upande ule.

Kwenye dirisha la malalamiko karani alisikiliza, kisha akaeleza kwa upole kwamba bili moja ni mwezi mmoja. Bi Kesho akamwonyesha tarehe. Karani akasema tarehe ni tarehe, lakini bili bado ni moja.

"Mwanangu," Bi Kesho akasema, "uniti sita za kwanza ni bei ya bitana. Zinazofuata bei ya kitambaa cha sare. Za mwisho bei ya hariri. Kila mwezi mtu anaanza upya kwenye bitana. Nyinyi mmeshona suti tatu, mkanipa bitana ya suti moja, zilizobaki mkanitoza hariri."

Karani akavuta kalkuleta, akausoma mguu wa kushoto, akasogea kwenye wa kulia, akamwomba anyanyue kidogo pale gotini. Kalkuleta ikatoa elfu moja mia nne na arobaini. Akakubali kwamba mtaa ule wote, nyumba arobaini, ulipigiwa bili hivyo hivyo. Mita hazikusomwa miezi miwili kwa sababu msomaji hakuwa na sare, na bila sare haruhusiwi kuingia uani kwa watu.

"Sare yake imekwama kwa fundi mmoja mzembe," karani akasema. "Kila akienda mkewe, anaambiwa njoo kesho."

Bi Kesho akaiangalia suruali mkononi mwake. Mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia msomaji wa mita, amevaa sare ya kuazima, suruali ya mtu mnene, mkono mmoja kiunoni. Naye akaiangalia.

"Mbwa wa nyumba ya kona," akasema polepole, "meno yake si hayo hapo nyuma?"

"Ndiyo hayo, kaka," Bi Kesho akajibu.

Msomaji alinyoosha mkono achukue chake, lakini karani alikwishaanza kupiga muhuri kwenye mkanda: IMEPOKELEWA. Hesabu ya mlalamikaji, akaeleza, ni kiambatisho, na kiambatisho hakitoki kwenye faili kabla ya siku sitini. Akaitafutia faili kubwa. Miguu ilining'inia nje.

Bi Kesho akalipa elfu moja mia nne na arobaini, akapewa risiti, akafika mlangoni, akasimama. Mita husomwa kila tarehe tatu, kama msomaji ana sare. Akarudi, akatoa futi shingoni, akampima msomaji pale pale mbele ya foleni.

"Njoo leo jioni," akamwambia.

Yule bwana akamwomba arudie.

Jua halijazama, suruali mpya ilikuwa imepigwa pasi. Mumewe, akiwa bado kwenye kiti chake cha bombani, aliitambua rangi ya kitambaa ilipopita mbele yake. Akauliza koti lake sasa litashonwa kwa kitambaa gani. Bi Kesho akamwambia ajimwagie maji kwanza, mengi anavyotaka, maana ni ya bei ya bitana.