Pini Niliyoituma Msimbati

Wepesi ndio uliokuwa sifa yangu, na sikuacha mtu asiujue. Katika ofisi yetu ndogo ya redio pale Mtwara, meli ikitoa taarifa ya gogo linaloelea au boya lililozimika, mimi ndiye niliyeigeuza kuwa pini ya mahali kwenye ramani ya simu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la manahodha wa boti. Mzee aliyekuwepo kabla yangu alizichora kwa penseli na rula kwenye ramani ya karatasi, nami nikimcheka kimoyomoyo. Alipostaafu, niliikunja ramani yake nikaitupia juu ya kabati.

Asubuhi moja, saa mbili, ikaingia taarifa ya meli ya mizigo. Imeona boti ya wavuvi inaelea, injini imekufa, ndani watu wawili, mmoja amelala. Imejaribu kuwakaribia, mawimbi yakaikatalia. Mahali pakaandikwa hivi: 10-24.60S 040-36.30E.

Ndugu wawili wa Msimbati walikuwa siku ya nne hawajarudi. Mke wa yule mkubwa alikuwa ameketi kwenye benchi la korido yetu tangu jana yake, kanga kajifunika mabegani, hataki chai. Nikatoka kumwambia wameonekana. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nikarudi mezani na kuandika kwenye simu kama nilivyozoea: -10.2460, 40.3630. Kistari nilikifanya nukta, na ile nukta nyingine nikaifuta. Pini ikatua kwenye maji, kaskazini ya Msimbati. Ingetua kwenye mashamba ya mikorosho ningeshtuka, lakini bahari ni bahari tu. Nikaituma, na boti ya uokoaji ikaondoka Msimbati saa hiyohiyo.

Karibu na saa sita nahodha wake akapiga simu.

“Dada, tunazunguka hapa tangu saa tatu. Hamna kitu. Na minazi ya nyumbani naiona kwa macho yangu. Meli kubwa inapita huku kufanya nini?”

Nikamjibu kwa ukali kwamba pini haidanganyi, atafute vizuri.

“Sawa,” akasema. “Lakini itazame tena, dada yangu.”

Nilipanda kwenye kiti nikaishusha ramani, hasa ili nimwoneshe kuwa amekosea. Pembeni mwake kila nyuzi, yaani digrii moja, imegawanywa sehemu sitini. Nikasimama nimeishika. Ishirini na nne nukta sita zilikuwa dakika, sehemu ya sitini, na mimi nilizisoma kana kwamba ni sehemu ya mia. Nikafungua faili la taarifa za zamani. Hakuna hata moja ambayo namba baada ya kistari ilifika sitini. Zilikuwa mbele ya macho yangu miezi yote ile. Magogo yangu na maboya yangu yote yalikuwa mahali pasipo pake, ila hakuna aliyewahi kwenda kuyatazama.

Nikagawa kwa sitini. Ishirini na nne nukta sita ikawa 0.41. Thelathini na sita nukta tatu ikawa 0.605. Nikatuma -10.4100, 40.6050. Pini ikatua mbali kusini-mashariki, mbele ya mdomo wa Mto Ruvuma, maili kumi na saba za baharini kutoka pale nahodha alipokuwa akichoma mafuta kwa ajili yangu. Hakunitukana. Aliuliza tu taarifa ilikuwa ya saa ngapi, apate kukadiria mkondo umewasogeza kiasi gani.

Waliwapata saa tisa. Mdogo alikuwa hai. Mkubwa alikuwa amefunikwa tanga.

Alipomaliza eda, yule mama wa kwenye benchi alikuja ofisini na sahani ya mihogo iliyofunikwa kitambaa. Alisema amekuja kushukuru, maana wengi huliwa na bahari wasizikwe, na yeye mumewe amemzika. Wenzangu wakamwitikia kwa dua. Mimi niliona aibu hadi masikio yakawaka. Niliipokea sahani; ningeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angenidai neno. Lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi usingizi ulishanikimbia wiki nyingi. Nikamchukua nje, nikamweleza kila kitu: kistari, nukta, sitini.

Alisikiliza hadi mwisho. Sidhani alizijali hesabu.

“Ungeipeleka sawasawa ile asubuhi, wangefika saa ngapi?”

“Saa tano, mama. Huenda hata kabla.”

Akaitazama sahani iliyokuwa mikononi mwangu.

“Shemeji yangu anasema kaka yake alikata roho baada ya adhuhuri,” akasema. “Saa tano alikuwa bado anaongea.”